Nyigu au nyuki chini ya paa: picha mbili, maamuzi mawili tofauti, na kwanini

Ndani ya wiki moja nilitumiwa picha mbili wasap, watu wawili tofauti, swali lilelile. Ya kwanza ilitoka kwa mama mdogo yuko Muheza, kitu cha kijivu kinaning'inia kwenye kenchi juu ya mlango wa jiko, chini yake ameandika "mwanangu hawa ni nyuki? nimwambie kijana achome moto?" Ya pili shemeji yangu wa Kihonda Morogoro, hapo huoni mzinga wala nini, unaona tu fesha bodi ya kahawia, tundu pale inapokutana na ukuta, na vidoti vidoti vyeusi hewani, na yeye kaandika "shem nipige dawa kopo ngapi?" Wote wawili walishaamua kuua kabla hata hawajajua wanamuua nani. Mi nafuga nyuki, nina mizinga kumi na nne, sio mingi, ila imetosha kufanya ukoo mzima unitumie kila mdudu mwenye mbawa anayeonekana kwenye bati.

Sasa nimeona niyaweke haya mawili pembeni kwa pembeni, kwasababu yanafanana kwenye simu alafu ukija kwenye kazi yenyewe hayafanani hata kidogo. Ya Muheza iliisha kwa lita moja ya maji ya sabuni, ya Morogoro ilichukua siku tano na kufungua dari.

Cha kwanza ninachoangalia kwenye picha sio mdudu, ni nyumba yake. Mdudu kwenye picha ya simu ni ukungu tu, kila mtu atakwambia ni njano na nyeusi, lakini nyumba haikimbii. Nyigu wetu hawa wa kawaida, wengine mnawaita dondola, wanatafuna mbao na magome makavu wanachanganya na mate wanatengeneza kitu kama karatasi, kijivu hivi, kavu, na kimeshikwa juu na kikonyo kimoja chembamba kama mguu wa uyoga. Matundu yake yote yanatazama chini. Ukisimama chini yake unayaona moja kwa moja, na ndani ya mengine unaona funza, na mengine yamezibwa kwa kitu cheupe cheupe kilichovimba. Nyuki yeye anajenga kwa nta, na sega lake limesimama wima kama pazia au kama kanga iliyoanikwa, matundu yanatazama pembeni, kushoto na kulia. Ukilitazama kwa chini unaona ukingo tu, huoni matundu. Kwahiyo ukizum picha ukaona matundu yanakukodolea macho kutoka juu, huyo ni nyigu. Ukiona kitu kama ulimi unashuka, au ndimi kadhaa zimepangana, au huoni kitu chochote isipokuwa wadudu wanaingia tunduni, hapo fikiria nyuki kwanza.

Picha ya mama mdogo ilikuwa na matundu yanatazama chini, na wenyewe walikuwa wa rangi ya kahawia inayokaribia wekundu, kiuno kirefu chembamba kama uzi, miguu mirefu. Hao wakiruka miguu inaning'inia nyuma kama mtu anayevuka mto hataki kulowesha kiatu. Nyuki haruki hivyo, nyuki ni kifupi, kinene, kina manyoya kifuani.

Cha pili ni ukubwa, na hapa watu wanadanganyana sana. Mama mdogo aliandika "likubwa kama sahani ya pilau." Sasa kwenye picha kulikuwa na kenchi, na mbao ya kenchi pale kwake ni mbili kwa nne ya kawaida, yani ukiitazama kwa chini upana wake ni sentimita tano hivi. Kile kinyumba kilikuwa kimezidi upana wa mbao kama mara mbili, basi hiyo ni sentimita kumi, ni kisosi cha chai hicho sio sahani. Ukikosa mbao tumia bati, bati la migongo la kawaida kutoka mgongo mmoja mpaka mwingine ni kama sentimita saba na nusu. Ila angalia usijidanganye, kitu kinachoning'inia kiko karibu na kamera kuliko bati lililo nyuma yake, kwahiyo kitaonekana kikubwa zaidi ya kilivyo. Mbao iliyokishika ndio kipimo cha kweli. Alafu nikahesabu wadudu, nikapata kumi na saba wanaoonekana. Kundi la nyigu hawa mara nyingi ni makumi tu, wakati nyuki wakishakaa ni maelfu, na hiyo tofauti peke yake inabadilisha kila kitu kwenye hatari.

Lakini picha ina mambo mawili haikuambii. La kwanza ni saa. Picha ya saa sita mchana nusu ya nyigu wako mawindoni, ukihesabu kumi na saba jua wapo zaidi. Ndio maana nikamwambia mama mdogo apige tena saa kumi na mbili jioni, asimame mbali mita nne tano, asitumie flashi. Jioni wakawa ishirini na sita. La pili ni mwendo, na hili ni la nyuki zaidi. Shemeji nikamwambia sitaki picha, nitumie klipu ya dakika moja, simu iegeshe kwenye kiti, wewe ondoka. Kwenye klipu nilitafuta kitu kimoja tu, miguu ya nyuki wanaoingia. Kama wanaingia na vijifurushi vya njano au chungwa kwenye miguu ya nyuma hiyo ni chavua, na chavua ni chakula cha watoto, kwahiyo ndani kuna majana, yani mayai na watoto wa nyuki, malkia anataga, wamehamia kabisa na fanicha zao. Kama ni wachache, wanazungukazunguka tundu, wanaingia wanatoka hawana mzigo, hao ni wapelelezi bado wanakagua nyumba, na ukiziba tundu jioni hiyo baada ya wao kuondoka umemaliza kesi bila kuua mtu. Wa shemeji walikuwa na chavua tele. Alipoulizwa vizuri akakubali kwamba aliwaona "kama wiki tatu hivi ila nikadhani watapita."

Wiki tatu ni nyingi. Nyuki kibarua kutoka yai mpaka kutoka tunduni ni kama siku 20 hivi, maana yake kizazi cha kwanza kilichozaliwa ndani ya dari ya shemeji kilikuwa kinaanza kutoka. Wangekuwa na siku moja au mbili, moshi mzuri ungeweza kuwafanya wabadili mawazo wahame. Wakishakuwa na majana hawaachii kirahisi, na wanalinda kwa nguvu zaidi.

Kabla sijaendelea, kuna picha nyingine tatu huwa zinakuja na hazihitaji kelele. Moja ni tope, vimirija vya udongo vimegandishwa ukutani au kwenye kona ya dari. Huyo ni nyigu wa udongo, anaishi peke yake, anakamata buibui anawaziba humo wawe chakula cha mtoto wake, hana jeshi na wala halindi nyumba. Kama hupendi muonekano subiri mpaka uone matundu ya kutokea alafu kwangua kwa kisu, basi. Ya pili ni rundo la nyuki linaning'inia kama zabibu, wazi wazi, hakuna sega lolote. Hao wako safarini, wametua kupumzika wakati wapelelezi wanatafuta nyumba, mara nyingi saa kadhaa mpaka siku mbili tatu wanaondoka. Wamejaza asali tumboni na hawana cha kulinda, kwahiyo ni wapole kuliko watakavyokuwa wakishajenga. Funga madirisha, waache watoto mbali, na hilo ndio rundo ambalo mfugaji atakuja mbio kulichukua kwa furaha. Ila kagua paa lako siku hiyohiyo, tundu lolote linalopitisha penseli nyuki anapita, usije ukawa wewe ndio nyumba wanayoitafuta. Ya tatu ni kimrija kidogo cha nta au gundi kinatokeza ukutani na visisimizi vyenye mbawa vinaingia. Hao ni nyuki wadogo wasiouma, tafadhali waacheni, asali yao watu wanaitafuta kwa tochi.

Turudi Muheza. Je, aondoe? Kusema ukweli nyigu wa karatasi nikipewa uhuru namuacha. Anawinda viwavi, anawatafuna anawalisha watoto wake, mwenye bustani ya mchicha na sukuma angemshukuru. Na hamfukuzi mtu hovyo, anauma mtu akigusa au akitikisa karibu na nyumba yake. Mama mdogo mwenyewe ana kinyumba kingine cha nyigu haohao nyuma ya nyumba, juu kabisa kwenye pembe ya paa, hakuna anayepita, nikamwambia hicho usikiguse hata kwa macho. Lakini hiki cha mlango wa jiko kiko urefu wa kama mita mbili na robo, wajukuu wanapita mara ishirini kwa siku, mlango ukibamizwa kenchi inatikisika, na kijana mwenye ndoo kichwani anapita sentimita kadhaa chini yake. Na yale matundu yaliyozibwa kwa nyeupe yalikuwa mengi, hao ni wanaojiandaa kutoka, kwahiyo ndani ya wiki mbili ishirini na sita wangekuwa arobaini. Hapo nikasema ondoa. Ningesema vilevile kama kingekuwa juu ya mita ya luku, au kamba ya nguo, au ngazi ya kupandia tenki, au kama ndani ya nyumba kuna mtu aliyewahi kuvimba mwili mzima kwa kuumwa na mdudu. Wale wadudu ni walewale, kilichobadilisha uamuzi ni mlango.

Na hapa nitoe dukuduku, ukitafuta mtandaoni utasoma "subiri baridi ije, watakufa wenyewe." Hiyo ni ya Ulaya huko, na ni nyigu wengine kabisa, wale wanaojenga boga la karatasi limefunikwa pande zote. Muheza hakuna theluji ya kusubiri. Nyigu wetu wanakaa miezi kadhaa, kundi linazeeka, majike wachanga wanakwenda kuanzisha kwingine, na mwezi wowote unaweza kukuta kinyumba kipya. Ukikuta kinyumba kina matundu matano sita na nyigu mmoja tu amekaa, huyo ndio ameanza, alfajiri kisukume kwa fimbo ya ufagio na habari imeisha. Ukikuta kimechanikachanika na alfajiri hakuna hata mmoja juu yake, kimeshahamwa, kiangushe tu.

Moto tukaukataa moja kwa moja. Mwenge chini ya kenchi kavu, utando wa buibui, makuti ya jirani mita mbili, unaunguza nyumba kwa ajili ya wadudu ishirini na sita. Dawa ya kopo ile ya mbu inaua nyigu kweli na kwa kinyumba cha wazi inafanya kazi, lakini pale ni mlango wa jiko na jiko ni la mkaa, gesi ya kopo inashika moto na dawa inatua kwenye masufuria. Kwahiyo sabuni. Vijiko vitatu vya chakula vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye lita moja ya maji, kwenye chupa ya kunyunyizia inayoweza kutoa mkondo sio ukungu tu. Maji matupu yanateleza juu ya mwili wa mdudu, ila yakiwa na sabuni yanashika na kuziba vitundu vyake vya kupumulia, anakufa haraka na hakibaki kitu cha sumu.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Saa moja kabla wakazima taa ya barazani, jiko likazimwa, wajukuu wakawekwa chumba cha mbele. Saa tatu usiku kijana akavaa suruali nene, shati la mikono mirefu, soksi juu ya suruali, kitambaa shingoni na miwani. Tochi haikushikwa mkononi, na sio ile ya kufunga kichwani, kwasababu nyigu akishtuka usiku anafuata mwanga na mwanga ukiwa kwenye paji la uso wako unajua atakwenda wapi. Tochi iliwekwa sakafuni pembeni imefunikwa mfuko mwekundu, wadudu hawa rangi nyekundu hawaioni vizuri. Kijana akasimama pembeni kama mita moja na nusu, sio chini yake, miguu sakafuni, hakuna ngazi wala stuli. Kuumwa na nyigu watatu unapona, kudondoka ngazini na kuvunja nyonga ni habari nyingine. Akaanza na kikonyo na juu ya kinyumba, kisha akashuka, bila kuacha, mpaka chupa ikakaribia kuisha. Walidondoka kama punje. Akasubiri dakika kumi, akakisukuma kwa mpini wa ufagio kikaangukia kwenye ndoo yenye maji yaleyale ya sabuni, ndoo ikafunikwa mpaka asubuhi.

Asubuhi mama mdogo ananipigia, "wamerudi!" Walikuwa wanne, waliolala nje, wanazunguka pale kikonyo kilipokuwa. Hilo ni kawaida, wanazunguka siku moja mbili. Nikamwambia wakwangue alama ya kikonyo, wapake pale mafuta ya kupikia, kikonyo kipya hakishiki vizuri kwenye mafuta. Siku ya tatu hawakuwepo.

Sasa Morogoro, na hapa ndio nataka mnisikilize kwa makini. Shemeji swali lake lilikuwa kopo ngapi, na jibu langu lilikuwa, shem, mwaka jana ulipiga ngapi? Maana mwaka jana palepale, tundu lilelile, walikuja nyuki, akaita fundi fulani akapiga makopo manne kwenye tundu, akaziba kwa simenti, akalipwa, akaondoka. Kwa wiki mbili kimya. Baadae pakaanza harufu, kisha doa la kahawia kwenye silingi bodi juu ya kitanda cha watoto, kisha asali ikaanza kudondoka kwenye neti. Sisimizi wakaja mstari mzima ukutani, panya wakafuata.

Kilichotokea ni rahisi kukielewa. Nyuki wakiwa hai wanapepea kwa mbawa, wanapooza, wanaweka maeneo ya majana kwenye nyuzi joto kama 35 hata kama bati la juu linachemka. Ukiwaua, masega yamebaki, hakuna wa kupepea, nta inalainika, asali inashuka, majana yanaoza, nondo wa nta na mende wadogo wa mizinga wanaingia kumaliza. Na hiyo asali usithubutu kuilamba, imeoga dawa. Alafu harufu ya nta na gundi ya nyuki haitoki, kwa nyuki wapelelezi ile ni kama kibao kimeandikwa nyumba inapangishwa. Simenti yenyewe ilipasuka pembeni kidogo tu, na wapangaji wapya hawa hapa.

Kwahiyo kwa nyuki waliojenga ndani ya dari sioni chaguo la kupiga dawa kabisa, sio kwa huruma tu, ni hesabu. Machaguo ya kweli ni mawili, kuwaacha au kufungua na kuwatoa na masega yao yote. Kuwaacha ningeweza kukubali kama wangekuwa kwenye banda la mwisho wa shamba. Nyuki wetu wa Afrika wakishakuwa wengi hawana utani, mmoja akiuma anaacha harufu, inanukia kama ndizi mbivu ukiwa karibu, na hiyo harufu inawaita wenzake waje kuuma palepale. Jenereta, mashine ya kukatia nyasi, fundi anayegonga bati, vyote vinaweza kuwaamsha. Shemeji ana watoto wawili wanalala chini yao na mbuzi amefungwa mita sita kutoka tunduni. Mbuzi na mbwa waliofungwa ndio wanaokufa kwanza nyuki wakichafuka, kwasababu mtu atakimbia, yeye kamba haimruhusu. Siku hiyohiyo mbuzi akahamishwa, watoto wakahamishwa chumba, tundu la taa kwenye dari tukaliziba kwa utepe wa karatasi wenye gundi maana nyuki wanashuka kufuata mwanga wa balbu, na jenereta ikapigwa marufuku. Tundu la nje hatukuliziba. Ukiziba tundu la nje na nyuki wako ndani watatafuta njia nyingine, na njia nyingine ni sebuleni kwako.

Jumamosi nikafika na mwenzangu, mavazi mawili kamili, bomba la kupulizia nyuki moshi, magunzi makavu ya kuwashia, kisu kirefu, ndoo mbili zenye mifuniko, na mzinga mtupu wa mbao wenye viunzi. Kwanza tukatafuta wako wapi hasa, kwasababu tundu la kuingilia linaweza kuwa mita mbili kutoka kwenye masega. Nikapita na kiganja kwenye silingi bodi taratibu, pale penye majana pana joto unalihisi kabisa, nikagonga kwa kifundo cha kidole mara moja, wakajibu kwa mvumo. Nikachora duara kwa penseli. Ilikuwa bodi moja tu ya kushusha, sio dari nzima, na hapo ndio gharama ilipookolewa.

Tulianza giza lilipoingia. Usiku hawaruki wengi, wanatambaa. Moshi kidogo tundu la nje, kidogo kwenye mwanya wa dari, tukasubiri dakika tano wakimbilie asali wajaze matumbo, kisha tukaishusha bodi polepole kwa upande mmoja. Masega saba, meupe mapya, kubwa lao urefu kama mkono mpaka kiwiko, na nyuma yake mabaki meusi ya mwaka jana yamejaa utando wa nondo. Tulikata moja moja kuanzia pembeni. Ya asali tupu yakaenda ndooni na kufunikwa mara moja, kwasababu asali iliyomwagika inawachanganya na inawazamisha. Ya majana tukayafunga kwenye viunzi kwa kamba za katani, yakiwa yamesimama vilevile yalivyokuwa, tukayapanga mzingani. Nyuki waliobaki wameshikana kwenye bati tukawapangusa kwa brashi laini na kiganja kwenda mzingani. Malkia sikumuona kwa macho. Unajuaje kama yumo? Unaangalia wengine, ukiona kwenye mlango wa mzinga wanainua mikia juu na kupepea mbawa, wanawaita wenzao, basi bibi yuko ndani. Ukiona wanatoka mzingani wanarudi batini, umemuacha juu.

Mzinga tukauacha palepale kwenye jukwaa la mbao karibu na tundu siku mbili ili waliokuwa nje wakusanyike, usiku wa tatu tukaziba mlango kwa wavu tukawapeleka shamba la rafiki kilomita sita kutoka pale. Ukiwapeleka karibu, tuseme nusu kilomita, wale wanaochuma watarudi walipozoea, kwahiyo kilomita tatu mpaka tano na kuendelea. Na nikamwambia shemeji ukweli, nyuki wetu wana tabia ya kuhama hata ukiwapa jumba, wanaweza kuondoka mzingani ndani ya wiki. Wakienda porini mi sina kinyongo, muhimu wametoka darini.

Kazi ya mwisho ndio fundi wa mwaka jana hakuifanya. Tulikwangua nta yote ya zamani na mpya, tukaosha bati na kenchi kwa maji ya moto na sabuni, tukapaka rangi ya mafuta mbao zilizoguswa kufunika harufu, kisha matundu yote ya fesha bodi yakazibwa kwa wavu mgumu wenye vitundu vidogo, sio simenti peke yake. Bodi ikarudishwa baada ya siku mbili, tulipohakikisha hakuna mvumo.

Kuhusu kuumwa niseme kidogo tu maana huwa kinachanganywa. Nyuki anaacha mwiba na kifuko chake cha sumu kinaendelea kusukuma, utoe hapohapo kwa kucha au chochote, usipoteze muda kutafuta kadi ya benki. Nyigu haachi mwiba, anarudia. Nyuki wakikuvamia, funika uso kwa shati, kimbia moja kwa moja uingie ndani ya nyumba au gari ufunge, hata wachache wakiingia na wewe. Usipige piga mikono, usijitupe kwenye maji, watakusubiri juu. Mtu akivimba midomo, akipata vipele mwili mzima, pumzi ikibana au akizimia, hata kama ni mwiba mmoja, hospitali sasa hivi, anahitaji sindano ya adrenalini sio vitunguu. Na aliyeumwa mara hamsini na zaidi, mtoto au mzee hata chini ya hapo, apelekwe hata kama anajiona mzima, sumu nyingi inaweza kugusa figo baadae, mkojo ukigeuka rangi ya chai ya rangi hiyo ni dalili.

Nyuki wakiwa tayari wamechafuka na watu wamekwama usiwaite wafugaji kwanza, piga zimamoto 114 kwa Tanzania. Kwa kazi ya kupanga kama ya shemeji ulizia ofisi ya afisa nyuki wa wilaya, wanawajua wafugaji wenye mavazi. Na atakayekuja muulize swali moja kabla ya bei: masega utayapeleka wapi? Akikwambia "ah hayo yanabaki tu hayana shida", mshukuru, mpe nauli, tafuta mwingine.

Jana mama mdogo katuma picha tena. Kinyumba cha nyuma ya nyumba, kile cha pembe ya paa, kimefika sentimita kumi na tano, na chini yake mchicha wake hauna tundu hata moja. Anauliza kama anaweza kuwahamishia na wengine kwenye kabichi. Nimemwambia shikamoo mama mdogo, hapana.